Uzi: Picha moja kali au karuseli? Na kepsheni iwe ndefu kiasi gani?

NyarDunga (Kisumu)

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia ukurasa wa Instagram wa kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu na viti vya gugumaji hapa Dunga. Wiki hii nina picha tisa za kazi moja, kuanzia gugumaji likitolewa ziwani, likianikwa, likisukwa, mpaka kikapu kikubwa cha nguo chafu kimekamilika.

Kati ya hizo tisa kuna moja iliyozishinda zote. Mama mmoja anatoka majini na mzigo wa mashina mabichi kichwani, maji yanamtiririka begani, na nyuma yake ziwa lote ni kijani. Kila niliyemwonyesha alinyamaza kwanza ndipo akasema neno.

Ninachouliza ni hiki. Niiweke hiyo picha peke yake, au niifanye ya kwanza kwenye karuseli halafu nane zingine zifuate? Na maelezo chini yake niandike marefu au mafupi? Wenzangu kwenye kikundi wanataka zote tisa ziende pamoja, kwa sababu kila mama angependa hatua yake ionekane. Na kikapu tunataka kiuzwe.

---

BwanaBando (Kisumu, Nyalenda)

Dada, karuseli bila kufikiri mara mbili. Mfumo wa Instagram unaipenda. Mtu akipita bila kusukuma picha kando, baadaye analetewa posti hiyohiyo tena ikianzia picha ya pili. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alishalieleza hilo mwenyewe. Picha moja ikipitwa, imepitwa. Zamani kikomo kilikuwa picha 10, tangu 2024 ni 20. Weka zote tisa na uongeze zingine.

Kepsheni fupi tu. Hakuna anayesoma.

---

Otis_Kondele

Mimi naona shida ni kamera. Simu gani unatumia? Ukipiga na simu ya bei ya chini hata uweke karuseli ya ishirini haitasaidia.

---

NyarDunga

Kaka Otis, picha ziko sawa, hata za simu zimetoka vizuri. Swali langu ni namna ya kuzipanga na kuziandikia.

---

PichaNakuru (Nakuru, napiga picha za biashara ndogo)

NyarDunga, nianze na aliyosema BwanaBando kwa sababu nusu yake ni kweli kabisa. Karuseli hupewa nafasi ya pili, ndiyo. Lakini fikiria maana yake kwako. Ikirudi ikianzia picha ya pili, mtu anayeiona hajui kama kulikuwa na ya kwanza. Kama picha yako ya pili ni mashina yaliyotandazwa kwenye turubai, basi hicho ndicho atakachokiona, rundo la majani makavu lisilo na kichwa wala miguu. Nafasi ya pili inakusaidia pale tu picha ya pili inapoweza kusimama peke yake kama ya kwanza. Kwa hiyo anayejaza tisa kwa mpangilio wa hatua za kazi anaitupa nafasi hiyo.

Sasa swali lako. Mimi hujiuliza hivi kabla ya kupanga chochote: picha ya pili inabadilisha nini kwa aliyekwisha kuiona ya kwanza? Kama anapata jibu la swali ambalo ya kwanza ilimwachia, hiyo ni karuseli. Kama ya kwanza imemtosha, zinazofuata zinaipunguzia nguvu.

Picha ya mama na mzigo, kwa ulivyoieleza, haiachi swali la kumfanya mtu asukume kidole. Inamsimamisha mtu. Ukiifanya jalada la karuseli unaipa kazi isiyo yake, kwa sababu kazi ya jalada ni kumfanya mtu atake kuona inayofuata. Mtu ataitazama, aridhike, aendelee na safari yake, na kikapu chako kitabaki kwenye picha ya tisa bila kuonwa.

Ushauri wangu ni posti mbili. Mama peke yake, siku yake. Kikapu kwenye karuseli, siku nyingine.

---

MamaSoko_Kibuye

Mimi nauza mitumba pale Kibuye na huwa naweka magauni kumi kwenye posti moja. Shida yangu ni moja tu, wateja wanaandika "ile ya kijani bei gani" na kijani ziko tatu. Halafu moja ikiuzwa watu wanaendelea kuiulizia wiki nzima. Nifanyeje?

---

PichaNakuru

Mama, yako ni karuseli halali kabisa, kwa sababu kila picha ni bidhaa nyingine. Andika namba juu ya picha yenyewe kabla ya kuipandisha, 1 mpaka 10, kubwa ya kuonekana. Kisha kwenye kepsheni andika namba, saizi na bei, kila gauni mstari wake. Hiyo ndiyo karuseli inayoruhusiwa kuwa na kepsheni ndefu, maana mteja anaitumia kama orodha ya bei. Anatazama namba 4 juu, anaitafuta namba 4 chini.

Gauni likiuzwa, ingia kuhariri posti, sogea mpaka kwenye picha hiyo, utaona alama ya pipa la taka kwenye kona. Inaondoka yenyewe, zingine zinabaki na laiki na maoni yake. Lazima tu zibaki picha mbili au zaidi. Ndiyo maana namba iandikwe kwenye picha, usimwambie mteja "picha ya nne", kwa sababu ukiondoa ya pili, ya nne inakuwa ya tatu na maelezo yako yote yanapotoka.

---

MwalimuShinyalu (Kakamega)

Sikubaliani na PichaNakuru kuhusu mpangilio. Kazi ya mikono ina mwanzo, kati na mwisho. Ukimwonyesha mtu gugumaji likitoka majini, likikauka, likisukwa, akifika kwenye kikapu anakithamini. Ukianza na kikapu umemaliza hadithi kabla haijaanza. Mimi hupiga picha za msitu wa Kakamega na karuseli zangu hufuata njia tunayotembea, kutoka getini mpaka kileleni. Watu husukuma mpaka mwisho.

---

PichaNakuru

Mwalimu, kwako inafaa, na nadhani najua kwa nini. Anayefuata ukurasa wako amekuja kutembea na wewe. Picha ya getini inamwambia safari imeanza, naye anajua iko inakokwenda. Mtu wa Nairobi anayetafuta kikapu cha nguo chafu akikuta picha ya kwanza ni magugu, hajui kwamba ni yeye anayeongeleshwa.

Kwa hadithi tupu nitakufuata wewe, Mwalimu. Kwa kitu cha kuuzwa naanza na kitu chenyewe, kisha narudi nyuma kuonyesha kilivyotengenezwa, kwa sababu mtu akishakitamani ndipo anapotaka kujua kwa nini kina bei hiyo.

---

MwalimuShinyalu

Hapo bado tunatofautiana. Anayenunua kazi ya mikono hanunui kikapu tu. Lakini nimekuelewa.

---

NyarDunga

Nisaidieni basi kwa mfano wa kweli. Picha tisa ni hizi:

1. Mama na mzigo kichwani, ziwa nyuma (imelala)
2. Mashina yakianikwa kwenye turubai
3. Mashina makavu yamefungwa mafungu
4. Mikono ikisuka, karibu sana
5. Fremu ya kikapu kabla ya kusukiwa
6. Akina mama watatu wakisuka pamoja, wanacheka
7. Kikapu kimekamilika, kando ya kitanda (imesimama)
8. Ndani ya kikapu, kitako chake
9. Saizi tatu zimepangwa pamoja

Bei ya kikubwa ni shilingi 2,800, urefu sentimita 60.

---

PichaNakuru

Vizuri sana. Kabla ya lolote, angalia kitu kimoja: ya 1 imelala, ya 7 imesimama. Kwenye karuseli, umbo la picha ya kwanza ndilo linalolazimishwa kwa zote. Ungeanza na ya 1 iliyolala, zile zilizosimama zingekatwa juu na chini, kikapu kipoteze mdomo au kitako. Ukiona vichwa vimekatwa kuanzia picha ya pili na kuendelea, sababu huwa ni hiyo, simu yako haina kosa. Zikate zote ziwe umbo moja kabla ya kupandisha. Mimi hutumia 1080 kwa 1350, iliyosimama, kwa sababu inashika sehemu kubwa ya kioo cha simu.

Karuseli yangu ingekuwa na picha tano.

Jalada, ya 7, kikapu kando ya kitanda. Kitanda kinampa mtu kipimo bila maneno.

Ya pili, ya 9, saizi tatu pamoja. Hii ndiyo itakayoletwa kwa waliopita jalada, nayo inasimama peke yake. Andika juu ya kila kikapu urefu wake kwa sentimita.

Ya tatu, ya 8, ndani na kitako. Anayenunua kikapu mtandaoni hawezi kukigeuza mkononi, kwa hiyo wewe mgeuzie. Hili ndilo swali ambalo jalada limemwachia.

Ya nne, ya 4, mikono ikisuka. Hapa anaona kwa nini kikapu hakifumuki.

Ya mwisho, ya 6, akina mama wakicheka, maana hao ndio atakaoongea nao akipiga simu.

Ya 2, ya 3 na ya 5 ziache. Mashina kwenye turubai na mashina kwenye mafungu yanasema jambo moja mara mbili. Fremu inavutia fundi mwenzako kuliko mnunuzi. Zitumie kwenye stori siku nyingine, hivyo kila mama atapata hatua yake ionekane.

---

BwanaBando

Sawa, nimekubali tano. Ila kwenye kepsheni sibadilishi. Fupi.

---

PichaNakuru

Kwa karuseli hii tuko pamoja, Bando. Anayesukuma picha kidole chake kiko juu, na muda wake anautumia huko. Kila neno unaloandika chini linagombania muda uleule. Kepsheni ya karuseli iseme tu yale ambayo picha haziwezi kusema: bei, mahali, namna ya kupata. Usimsimulie mtu anachokiona.

Instagram inaruhusu herufi 2,200, lakini kabla mtu hajagusa kufungua zaidi anaona kama 125 hivi, nafasi na nukta zikiwemo. Inategemea simu. Kwa hiyo bei iwe humo ndani. Mfano:

"Kikapu cha nguo chafu, sentimita 60 kwenda juu, shilingi 2,800. Dunga, Kisumu. Tunatuma hata Nakuru na Nairobi kwa basi."

Hiyo ni kama herufi 120. Inaingia yote bila kukatwa. Chini yake ongeza mstari mmoja wa namba ya kuagizia na mmoja wa bei za saizi ndogo, basi.

Lakini kwa picha ya mama, usemi kwamba hakuna anayesoma siukubali. Mtu akisimama mbele ya picha moja, jicho halina pengine pa kwenda isipokuwa chini. Picha hiyo ina mambo mengi yasiyoonekana. Mtu wa Mombasa hajui gugumaji ni nini kwenu, hajui kama mzigo ni mzito au mwepesi, hajui unapelekwa wapi. Hapo kepsheni ndefu inafanya kazi. Jaribu kuandika, utuwekee hapa.

---

NyarDunga

Nimeandika hivi:

"Akina mama wa Dunga ni wachapakazi hodari sana na wanajituma kila siku kulisha familia zao. Tunajivunia sana kazi ya mikono yao. Gugumaji ni mmea unaoota ziwani na umeleta changamoto nyingi kwa wavuvi, lakini sisi tumegeuza changamoto kuwa fursa. Karibuni mtuunge mkono, vikapu kuanzia shilingi 900."

---

PichaNakuru

Dada, wewe uko pale ufukweni na mimi niko Nakuru, lakini maneno haya ningeweza kuyaandika mimi. "Wachapakazi hodari" picha imeshayasema kwa nguvu zaidi. Niambie kitu ambacho aliyesimama Dunga pekee ndiye anayekijua. Gugumaji likijaa kunatokea nini? Mzigo ule ni mzito kwa nini? Akifika nchi kavu anafanya nini kwanza?

---

NyarDunga

Likijaa mashua hazitoki, na zilizoko nje zinapata taabu kurudi. Mzigo ni mzito kwa sababu shina limejaa maji, likikauka linasinyaa unashangaa. Akifika anakata majani na mizizi, mashina yanaanikwa mpaka yawe ya hudhurungi. Mvua ikinyesha katikati yanaota ukungu na kazi yote inatupwa.

---

PichaNakuru

Hiyo hapo. Umeshaandika. Ipange tu:

"Gugumaji likifunika ufuo wa Dunga, mashua hazitoki. Mama huyu huingia majini kuling'oa kwa mkono.

Mzigo huu ni mzito kwa sababu kila shina limejaa maji. Akifika nchi kavu atakata majani na mizizi, kisha aanike mashina mpaka yawe ya hudhurungi na kusinyaa. Mvua ikinyesha kabla hayajakauka, yanaota ukungu na yote yanatupwa.

Yakisalimika, yanasukwa kikapu. Vikapu tutawaonyesha kesho kutwa."

Sentensi mbili za mwanzo ni herufi chini ya 100, zinaonekana bila kufungua. Zinaacha swali, kwamba analing'oa alipeleke wapi, na jibu liko chini. Ndivyo unavyomfanya mtu afungue. Aya ziwe fupi na mstari mtupu katikati, maana maandishi yaliyoshikana kwenye simu yanachosha macho.

Na bei nimeitoa kwa makusudi. Sipendi bei chini ya uso wa mtu.

---

BwanaBando

Hapo sasa ndugu yangu unampotezea mauzo. Hii ndiyo picha itakayoonwa na watu wengi kuliko zote, halafu hakuna bei? Mtu akivutiwa leo, kesho kutwa atakuwa amesahau.

---

MamaSoko_Kibuye

Bando ana hoja. Mteja ni wa saa hiyohiyo.

---

MwalimuShinyalu

Mimi niko upande wa PichaNakuru. Mama amebeba mzigo, chini yake imeandikwa shilingi 900. Anayesoma haraka atadhani ni yeye au mzigo wake unaouzwa. Afadhali kuandika "vikapu viko kwenye wasifu" na kuweka bei huko.

---

PichaNakuru

Mwalimu amepata njia ya katikati, ingawa kumbukeni kiungo kikiandikwa ndani ya kepsheni hakigusiki. Kinagusika kile cha kwenye wasifu, kwa hiyo bei au namba iwekwe huko kabla ya posti kwenda. Bando, sina hakika kwamba umekosea. Kuna kurasa zinazoweka bei kila mahali na zinauza. Mimi nimeamua kwa heshima ya aliyepigwa picha, hesabu ya mauzo sikuitazama, na kikundi ndicho kitakachoamua.

Kuna jingine, NyarDunga. Mama mwenyewe amekubali picha yake iende? Na angependa jina lake liandikwe?

---

NyarDunga

Picha amekubali, tena ameipenda. Jina nitamwuliza. Wengine hapa hupenda kutajwa, wengine hawataki kabisa kujulikana na watu wa mbali.

Swali la mwisho. Nitajuaje kama nimepanga sawa? Laiki zetu huwa nyingi lakini simu haziiti.

---

PichaNakuru

Laiki ziache pembeni kidogo. Zitazame posti mbili kwa macho tofauti, maana zina kazi tofauti.

Ya mama, fungua takwimu za posti uangalie imetumwa kwa wengine mara ngapi na wangapi wamegusa wasifu wenu baada ya kuiona. Picha moja iliyogusa moyo hutumwa. Kama laiki ni nyingi lakini hakuna aliyeingia kwenye wasifu, kepsheni haikumwambia mtu kwamba kuna kitu cha kufuata.

Ya kikapu, angalia waliohifadhi, kisha soma maoni kwa makini kuliko namba yoyote. Wakiuliza "bei gani" na bei umeandika, basi iko baada ya herufi zile 125 za mwanzo, ipandishe. Kepsheni inaharirika hata baada ya kuposti. Wakiuliza "ina saizi ndogo?" na saizi ziko kwenye picha ya pili, hawajasukuma, jalada limewatosheleza au halikuonyesha kwamba kuna zaidi. Wakiuliza "kitako kikoje?", hawakufika ya tatu. Maswali yatakuonyesha walipoishia.

Na usilinganishe posti ya mama na ya kikapu kwa laiki halafu useme picha moja imeshinda karuseli. Linganisha karuseli ya kikapu hiki na karuseli ya kikapu kijacho.

---

Otis_Kondele

Kumbe hata picha ya pili inaweza kuwa ya kwanza kwa mtu mwingine. Hilo sikulijua. Je, nikiweka maandishi makubwa juu ya jalada, "sukuma kuona saizi", inasaidia?

---

PichaNakuru

Kwa orodha kama ya MamaSoko, inasaidia. Kwa kikapu kizuri kando ya kitanda mimi nisingeandika juu yake, ningekiacha kikapu kimoja cha pili kionekane nusu kwenye ukingo wa kulia, jicho lifuate lenyewe. Lakini wenzangu wengi wa Nakuru huandika, na hawalalamiki. Ukiandika, maneno yakae mbali na kingo, kwa sababu kwenye wasifu picha hukatwa upya na herufi za pembeni hupotea.

---

NyarDunga

Asanteni sana wote. Nimeongea na kikundi. Mama ataenda peke yake Jumanne, na amesema jina lake la kwanza liandikwe, la pili lisiandikwe. Bei wamegawanyika, tumekubaliana iwe kwenye wasifu kwa posti hii, halafu karuseli ya Alhamisi ibebe 2,800 kwenye mstari wa kwanza. Kikapu nitakipiga upya kesho asubuhi na kidogo pembeni kionekane nusu, kama ulivyosema, kwa sababu kwenye ya 7 kando ya kitanda kuna ukuta mtupu.

---

MamaSoko_Kibuye

Mimi nimeshaanza kuandika namba kwenye magauni. PichaNakuru, gauni namba 3 likiuzwa na nikaleta jipya, naweza kuliingiza kwenye posti ileile?

---

PichaNakuru

Usitegemee kuongeza picha kwenye posti iliyokwisha kwenda, mama. Liondoe namba 3, ufute na mstari wake kwenye kepsheni, na hilo jipya lingoje mzigo unaofuata. Mzigo huo uanzie namba 11, ili mteja akikuandikia "nataka namba 3" usichanganye gauni la wiki hii na la wiki iliyopita.